Kusoma picha ya grafu ya maji kabla ya kuvuka fungu la Pangani

*Swali: Shikamoo mzee. Nina boti ya faiba ya mita saba, mashine ya farasi 15, naiegesha ndani ya Mto Pangani. Kaka yangu aliye Tanga hunitumia kwa simu picha ya grafu ya maji iliyobandikwa ukutani kazini kwao. Mimi naona vilima na mabonde tu. Nitajuaje saa ya kutoka bila kukwama kwenye fungu la mlangoni?*

Marahaba, mwanangu. Picha yako ya mwisho nimeitazama sana, nikaikuza mpaka namba zikawa ukungu. Imepigwa upande, upande wa kulia wa karatasi umekunjika, na kwenye kona ya chini kuna kidole. Lakini inatosha, kwa sababu kwenye picha kama hii unahitaji kuchukua vitu vichache sana: saa na kimo cha kila kilele, saa na kimo cha kila bonde. Kwa siku moja ni namba nne za saa na nne za mita. Mteremko ulio katikati ya kilele na bonde usiusome kwenye picha kabisa. Huo tutaupiga hesabu.

Sababu ni hii. Karatasi ikipigwa picha kwa mshazari, miraba yake hailingani tena. Ya karibu na kamera inatoka mikubwa, ya mbali inatoka midogo. Wewe ukishusha jicho wima kwenye skrini kutoka kwenye mstari wa maji hadi kwenye saa zilizoandikwa chini, unaangukia saa isiyo yako. Kwenye picha yako kila mraba ni saa mbili, na nusu mraba ukipotea umekosea saa nzima. Kileleni kosa la saa nzima halikuumizi sana, maana maji pale yanakwenda polepole. Katikati ya mteremko, saa moja ni nusu mita ya maji au zaidi, na nusu mita ndiyo inayotenganisha boti inayoelea na boti iliyolalia ubavu. Ikibidi usome katikati, fuata mstari wenyewe wa gridi kwa ncha ya kijiti hadi chini, hata kama kwenye skrini unakwenda kombo.

Kabla ya namba, kagua mambo mawili. La kwanza, saa za grafu ni za wapi? Grafu nyingine zinazozunguka kwenye simu zimetolewa kwa saa za Grinichi, na pembeni kunakuwa na herufi ndogo UTC au GMT, ambazo mpiga picha huzikata bila kujua. Saa zetu zimetangulia hizo kwa saa tatu. Sasa hapa wazee wametuachia kipimo ambacho hakihitaji herufi yoyote: pwani yetu, siku za bamvua, maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Tafuta kwenye grafu siku ya mwezi mpevu au ya mwezi kuandama. Kilele kikiwa karibu na 04:00 na 16:00, saa ni zetu. Kikiwa karibu na 01:00 na 13:00, hiyo ni Grinichi, ongeza tatu. Kikiwa mahali pengine kabisa, basi picha ni ya bandari isiyo ya huku, ifute.

Na ukishajua saa ni zetu, kumbuka kuzigeuza kwa Kiswahili kwa uangalifu. Grafu inasema 16:00, sisi tunasema saa kumi. Nimeshamwona mtu mzima, nahodha wa miaka mingi, akisoma 10:00 akaenda kujiandaa kwa saa kumi jioni. Andika kwenye daftari namba kama ilivyo kwenye karatasi, kisha kando yake andika ya Kiswahili.

La pili, mita zinahesabiwa kutoka wapi? Sifuri ya grafu si mchanga wa fungu lako. Ni usawa wa maji yanapopwa kabisa, yale ya bamvua kubwa, ambayo hayashuki chini ya hapo isipokuwa kwa nadra na kwa kidogo. Ndiyo maana kwenye picha yako mabonde yote yako juu ya sifuri. Ukiona grafu ambayo kila siku mstari unazama chini ya sifuri, na siku za bamvua kwa mita nzima au zaidi, hiyo imechorwa kwa kupima kutoka usawa wa wastani wa bahari. Usiichanganye na hesabu hii. Na ukiona vilele vya 10 au 11, hizo ni futi.

Sasa fungu. Grafu haijui lolote kuhusu fungu la Pangani, na hakuna karatasi itakayokwambia lilivyo mwaka huu, kwa sababu mchanga wa mlangoni unahama, hasa mto ukishuka na maji ya masika. Lipime mwenyewe. Chagua siku tulivu, panda ngalawa au dau dogo lisilo na cha kupoteza, chukua upondo uliotiwa alama kila sentimita kumi, uende maji yakiwa yanajaa. Vuka ile njia unayoitumia, choma upondo kila baada ya mapigo machache ya kasia, na ushike ile namba ndogo kuliko zote pamoja na saa yake. Tuseme mahali pa haba kuliko pote ulipata sentimita 70, na saa ile kimo cha maji kwa hesabu kilikuwa mita 1.6. Toa: 1.6 kasoro 0.7 ni 0.9. Maana yake fungu lako limesimama sentimita 90 juu ya sifuri ya grafu. Maji yakipwa chini ya hapo, mchanga unaonekana. Namba hiyo iandike kwa rangi ndani ya boti, na baada ya kila masika ipime upya.

Boti yako nayo ina namba yake. Ijaze mafuta, barafu na watu kama siku ya kazi, shusha mashine, kisha pima kutoka usawa wa maji hadi ncha ya chini kabisa ya mashine, iliyo chini ya propela. Boti za namna yako zinakuja karibu sentimita 80, lakini pima, usiamini kalamu yangu. Tutatumia 80.

Halafu kuna wimbi. Watu wengi huongeza akiba kidogo wakadhani wamemaliza, wakisahau kwamba boti haielei juu ya wastani wa maji, inashuka pamoja na bonde la wimbi. Wimbi la sentimita 80 kutoka bonde hadi kilele linakushusha kama sentimita 40 chini ya usawa uliopiga hesabu. Kwa hiyo weka nusu ya wimbi unaloliona mlangoni, halafu ongeza sentimita 30 za makosa yako, yangu na ya picha. Jumla:

```
fungu 0.9 + boti 0.8 + nusu ya wimbi 0.4 + akiba 0.3 = 2.4 m
```

Mita 2.4 ndiyo namba yako. Grafu ikiwa chini ya hapo, umetia nanga. Wimbi likiwa kubwa zaidi, namba inapanda.

Haya, turudi kwenye picha. Siku uliyoizungushia wino ni ya nne baada ya mwezi mpevu, yaani mwezi kumi na nane hivi kwa hesabu ya wavuvi, bamvua imeanza kulegea. Namba nilizozitoa ni bonde la mita 0.7 saa 00:45, kilele cha 3.1 saa 06:57, bonde la 0.7 saa 13:03, kilele cha 2.9 saa 19:15. Karatasi ni ya Tanga, na tofauti yake na Pangani ni ndogo, imo ndani ya ile akiba yetu.

Kutoka bonde la usiku hadi kilele cha asubuhi maji yanapanda mita 2.4 kwa saa sita na dakika kumi na mbili. Gawa muda huo mara sita, kila kipande ni dakika 62. Sasa maji hayapandi sawasawa. Kipande cha kwanza yanapanda sehemu moja kati ya kumi na mbili, cha pili sehemu mbili, cha tatu tatu, cha nne tatu, cha tano mbili, cha sita moja. Hapa sehemu moja ni sentimita 20. Ukijumlisha unapata hivi:

```
00:45   0.7 m
01:47   0.9
02:49   1.3
03:51   1.9
04:53   2.5
05:55   2.9
06:57   3.1
```

Ile 2.4 yako inapatikana kama dakika kumi kabla ya 04:53, sema 04:43, ambayo ni saa kumi na dakika arobaini na tatu alfajiri. Upande wa kupwa, kwa hesabu hiyo hiyo ikishuka, maji yanarudi kwenye 2.4 kama saa 09:09, saa tatu na dakika tisa asubuhi. Kwa kina peke yake, basi, mlango uko wazi kwa zaidi ya saa nne.

Hapo ndipo wengi wanapoishia, wanasema "nina muda mpaka saa tatu", wanakunywa chai. Mimi nakwambia muda wako unaisha saa moja, maji yakisimama.

Ukitoka maji yakiwa yanajaa na ukagusa mchanga, unazima mashine, unaiinua, unasubiri. Baada ya dakika chache maji yenyewe yanakuinua. Ukigusa maji yakipwa, kila dakika inakuchimbia. Utajaribu kusukuma, utarudi nyuma kwa mashine, utavuta mchanga kwenye bomba la kupozea, na wakati unashughulika na hayo maji yameshuka sentimita kumi nyingine. Mimi mwenyewe nilikaa juu ya fungu saa saba nzima, zamani, kwa sababu nilitaka kumalizia kupakia madumu. Boti ililala ubavu wa kushoto, barafu yote ikayeyuka, na watoto walitembea kutoka ufukweni kuja kutuuzia mihogo ya kuchoma. Kisa chenyewe kinachekesha sasa, siku ile hakikuchekesha, na tulikuwa na bahati ya bahari shwari.

Jambo la pili ni zito zaidi. Mlango wa mto maji yakipwa si sawa na ufuko wa kawaida. Maji ya bahari yaliyoingia mtoni yanatoka, na mto wenyewe unaongeza yake, yote yanapita kwenye uchochoro mmoja. Mkondo unakuwa mkali kuliko wote katika kile kipande cha tatu na cha nne cha kupwa. Kwa siku hii ni kuanzia 08:59 hadi 11:01, saa tatu hadi saa tano asubuhi. Mawimbi yanayotoka bahari kuu yanakutana na mkondo huo uso kwa uso. Yanafupika, yanasimama wima, yanavunjika juu ya fungu. Lile wimbi la sentimita 80 ulilolipigia hesabu alfajiri si lile lile tena, na ile akiba yako yote imekwenda. Kipindi cha kusi, upepo unavyozidi kupanda kuelekea mchana, ndio wakati boti ndogo zinapojaa maji kwa nyuma au kugeuzwa kando.

Utalijua hilo kabla hujaingia. Simama mahali pa juu kidogo, utazame mlango kwa dakika kumi, si mara moja tu. Ukiona mstari mweupe unavunjika ng'ambo hadi ng'ambo bila kuacha njia, grafu iseme inavyotaka, usitoke. Ukiona weupe pembeni na katikati maji ya kijani yanainuka bila kuvunjika, hapo ndipo njia ilipo. Hesabu mawimbi pia. Makubwa huja kwa makundi, na mtu aliyetazama dakika mbili huwa ameona madogo tu.

Kwa siku yako, ingawa kina kipo tangu saa kumi na dakika arobaini na tatu, bado ni giza, na fungu usiloliona si la kulivuka na mashine. Mwanga wa kutosha kuona rangi ya maji unapatikana karibu saa kumi na mbili na robo. Saa hiyo, 06:15, kimo ni kama mita 3.0, toa fungu, una mita 2.1 za maji pale pa haba. Mkondo umelegea, bado unaingia. Toka kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro dakika tatu. Mkichelewa kwa robo saa baada ya maji kusimama, haidhuru kukiwa shwari. Mkichelewa kwa saa nzima, lala nyumbani.

Na hujatoka mpaka umejua utarudi saa ngapi, maana mlango ni ule ule. Mchana saa saba fungu liko wazi, linaota jua. Jioni maji yanapanda kutoka 0.7 hadi 2.9, ni mita 2.2, ukipiga hesabu ile ile, 2.4 inafikiwa karibu 17:20, saa kumi na moja na dakika ishirini. Ukishapita muda wa saa moja na kidogo kutoka hapo, jua linazama. Nafasi yako ya kurudi kwa hiyo ni fupi, na inatokea wakati bahari ya mchana imekwisha kuchafuka, wimbi likikusukuma kutoka nyuma. Akiba ya sentimita 30 kwa kuingia naiona ndogo. Mimi ningesubiri hadi saa kumi na moja na nusu. Ukifika saa tisa na samaki wamejaa, tia nanga nje mahali penye kivuli cha upepo ukangoje. Kama ngoja hiyo inakuharibia biashara, ongeza barafu. Usipunguze akiba ya maji.

Ukizoea utaona kwamba siku si sawa kwa kazi yako. Bamvua yenyewe ina maji mengi sana, ila yanajaa saa kumi alfajiri gizani na saa kumi jioni penye upepo. Maji mafu yanajaa asubuhi ya saa nne au saa tano, mwanga mzuri, lakini kilele chake huenda kikawa 2.4 au 2.5 tu, hivyo unapata nafasi ya dakika chache au hupati kabisa. Siku tamu kwa mlango wa Pangani ni zile tatu nne baada ya bamvua kuanza kulegea, kama hii uliyoizungushia: kilele bado kirefu, na kinatokea jua likichomoza. Kila siku inayofuata kilele kinachelewa, dakika arobaini hivi karibu na bamvua, zaidi ya saa moja ukikaribia maji mafu. Usichukue saa ya jana ukaongeza dakika hamsini kwa mazoea. Soma kilele cha siku yenyewe.

Halafu hakiki. Ufukweni kwako chomeka mti, utie alama maji yanaposimama, utazame saa. Yakisimama ndani ya dakika kumi na tano au ishirini za ile saa ya kwenye picha, karatasi ni ya kuaminika. Yakipishana kwa saa nzima, mmoja wenu amekosea siku au safu. Tofauti ya kimo ya sentimita kumi au ishirini ni ya kawaida. Upepo wa siku kadhaa unasukuma maji au kuyavuta, na mto ukijaa unaongeza, nayo hayo grafu haiyajui, kwa kuwa ilipigwa hesabu mapema kwa mwezi na jua tu.

Kuhusu picha, mwambie kaka yako asimame mbele ya karatasi, simu iwe sambamba na ukuta, achukue karatasi nzima na kichwa chake: jina la bandari, mwezi, mwaka, na ile mistari midogo ya chini kuhusu saa na mita. Kisha apige ya pili kwa karibu, siku tatu tu. Ile ya kwanza aitume kama faili, si kama picha, la sivyo simu inaibana na 3.1 inageuka 3.7. Na kama ana subira, akuandikie zile namba nane kwa mkono chini yake.